Nilivyopunguza upendeleo wa bila kujua wakati wa kupandisha watu vyeo

Ninaposimamia kamati ya kupandisha vyeo, kwanza natafuta fomu zenye alama zinazofanana mstari mzima: 4, 4, 4, 4. Watu wanaoyaweza mambo yote kwa kiwango kimoja ni wachache. Mara nyingi sifa moja imemvutia mpimaji, naye akaitumia kujazia zilizobaki. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1920: maofisa wa jeshi walipowapima askari wao, alama za umbo, akili na uongozi zilifuatana kupita kiasi.

Tuchukue nafasi ya kiongozi wa timu. Kabla majina hayajatajwa, naiomba kamati iafikiane vigezo vinne: kuwasilisha taarifa, kupanga kazi za wengine, kuwafundisha wageni kazini na kutimiza malengo. Kila kigezo kina alama 1 hadi 4, na kila alama ina maelezo. Kwa mfano, 4 ya kufundisha ni mgeni aliyefundishwa na mtu huyo na sasa anafanya kazi bila kusimamiwa.

Kisha tunasahihisha kama mwalimu anayemaliza swali la kwanza kwa darasa zima ndipo aende la pili. Kila mjumbe anawapima wote kwenye kigezo kimoja, peke yake, na anaandika ushahidi kabla ya alama. Pasipo tukio la kutaja, sehemu ya alama inaachwa tupu. Alama zinakusanywa kabla ya mjadala, maana bosi akitangulia kusema, wengine humfuata.

Hapo ndipo mambo hubadilika. Mgombea wa kwanza, msemaji hodari mwenye 16 kwenye fomu ya bosi wake, anaweza kupata 4 ya kuwasilisha, 2 ya kupanga, 2 ya kufundisha na 3 ya malengo: jumla 11. Mwenzake mkimya akipata 2, 4, 4 na 3, anafikisha 13.

Upendeleo wa kufanana, yaani kumpendelea anayefanana nawe, ni mgumu zaidi kuunasa, kwa sababu huja umevaa maneno mazuri: "huyu ni mwenzetu", "ananikumbusha nilivyokuwa zamani". Nikiyasikia, nauliza swali moja: hilo linaingia kwenye kigezo kipi? Likikosa pa kuingia, haliandikwi. Nauliza pia kama tungesema vivyo hivyo iwapo tendo lilelile lingefanywa na mgombea mwingine. "Ana msimamo" na "ni mkaidi" mara nyingi ni tabia moja yenye majina mawili.

Fomu hii ina upungufu mkubwa: inapima waliopewa nafasi ya kuonekana. Kama bosi alimkabidhi anayefanana naye miradi mikubwa mwaka mzima, ushahidi wa huyo utakuwa mwingi kihalali kabisa. Kwa hiyo naomba orodha ya nani alipewa mradi gani, na nani aliamua. Ikionyesha jina lilelile kila mara, napendekeza uamuzi uahirishwe na wagombea wengine wapewe kwanza mradi wa uzito huo.