Namna nilivyopata kielelezo cha gari la mizigo kinachofuata mikunjo ya bodi

Nembo ya duara yenye kipenyo cha sentimita 70 ilipobandikwa ubavuni mwa gari la kufikishia vifurushi, ukingo wake wa nyuma ulionekana umebanwa, kana kwamba kuna mtu aliyeuegemea kabla gundi haijakauka. Stika ilichapishwa sawasawa, na aliyeibandika hakukosea hata milimita moja. Mteja alilizunguka gari mara mbili, kisha akaniuliza swali moja tu: "Fundi, mbona kwenye picha uliyonionyesha hili lilikuwa duara kamili?"

Picha niliyomwonyesha nilikuwa nimeitengeneza juu ya mchoro bapa wa ubavu wa gari, wa kipimo cha 1:20, kama wafanyavyo wengi wetu. Mchoro wa aina hiyo una manufaa yake, kwa kuwa unaonyesha milango, magurudumu na vitasa viko wapi. Lakini kwa hakika ni kivuli cha gari kilichoangushwa ukutani. Mahali ambapo bati limesimama wima na kumtazama mtu moja kwa moja, kivuli na bati vina upana uleule. Bati likianza kuzunguka kwenda nyuma, kivuli kinapungua ilhali bati lenyewe linaendelea.

Nilirudi kwenye gari nikiwa na futi ya kamba, ile ya mafundi cherehani, nikaupima ule mzunguko wa pembe ya nyuma. Ulikuwa sehemu ya duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 40 hivi, iliyopinda kwa nyuzi 45 kabla ya kukutana na mlango wa nyuma. Ukiufuata kwa futi ya kamba juu ya bati unapata sentimita 31.4, lakini kwenye mchoro bapa sehemu hiyohiyo ina sentimita 28.3 tu. Nembo yangu ilikuwa imeingia sentimita 28 ndani ya mzunguko huo. Kwa mtu aliyesimama ubavuni, sentimita hizo 28 za stika zilionekana kama sentimita 25.8, na upungufu wenyewe haukugawanyika sawa. Mwanzoni mwa mzunguko haukuonekana kabisa, na kwenye ukingo wa mwisho herufi zilibaki na karibu robo tatu tu ya upana wake. Upungufu wa sentimita 2 na ushei katika 70 ungeweza kusameheka kama ungeenea duara zima. Kwa kuwa ulirundikana upande mmoja, jicho liliukamata papo hapo.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kuuvuta mchoro wa nembo upande wa nyuma ili upungufu ufidiwe. Nililijaribu kwenye kompyuta na nikaliacha siku hiyohiyo. Nembo iliyovutwa hivyo huonekana duara kwa mtu aliyesimama mahali pamoja tu, na gari la vifurushi hutazamwa zaidi na walio nyuma yake barabarani, ambao wangeona kitu kama yai. Hapo ndipo nilipokata shauri kutengeneza kielelezo juu ya modeli ya kompyuta ya pande tatu yenye mikunjo halisi, na kuanza kwa kuuliza nembo ikae wapi kabla ya kuuliza iwe kubwa kiasi gani.

Modeli za magari zinazouzwa tayari hazikunitosha, kwa sababu nyingi zimetengenezwa zipendeze kwa macho, si kwa kupimiwa. Niliipata moja inayofanana na gari lile, nikaisahihisha kwa vipimo vyangu katika programu ya Blender. Vipimo nilivichukua kwa timazi. Nilifunga rula juu ya ukingo wa paa ikajitokeza nje sentimita 30, nikaning'iniza uzi wenye uzito kwenye ncha yake, kisha nikapima umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye bati kila baada ya sentimita 10 kushuka chini. Juu kabisa umbali ulikuwa sentimita 30, na tumboni mwa gari ukawa 18. Ubavu ambao kwa macho niliuona umenyooka, kumbe ulilalia ndani kwa sentimita 12. Nilirudia hivyo katika vituo sita kwa urefu wa gari, nikiviwekea alama kwa selotepu ya karatasi isiyoharibu rangi. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi moja, na sijui njia nyingine ya bei nafuu inayoweza kuishinda.

Baada ya kuisahihisha modeli ilinibidi niitandue, yaani kila kipande cha bodi kikatwe na kulazwa bapa kama fundi anavyolaza vipande vya shati kabla ya kushona, ili picha ya nembo ipate mahali pa kuandikwa. Mikato ya `Mark Seam` niliiweka palepale ambapo gari lenyewe lina nafasi kati ya bati na bati: pembezoni mwa milango, kwenye bampa na kwenye ukingo wa paa. Kabla ya `Unwrap` nilihakikisha kwamba kipimo cha modeli kimethibitishwa kwa `Ctrl+A` na kuchagua `Scale`, kwa maana jambo hilo likisahauliwa vipande hutoka vimerefuka upande mmoja bila sababu inayoonekana.

Jambo lililonisaidia kuliko yote lilikuwa kuvipa vipande hivyo kipimo cha kweli. Ubavu wa gari ulikuwa mfupi kidogo kuliko mita 4, kwa hiyo niliunganisha kwenye modeli mraba bapa wenye mita 4.096 kila upande, nikautandua pamoja na vipande vingine, nikatumia `Average Islands Scale` ili vyote viwe na uwiano mmoja. Kisha nikavikuza vyote kwa pamoja mpaka ule mraba ukajaza eneo zima la picha, nikaufuta na kuvipanga vipande vya ubavu ndani ya eneo hilo bila kuvibadilisha ukubwa. Kwa picha yenye pikseli 4096 kila upande, pikseli moja ikawa milimita moja ya bati. Tangu hapo, nembo ya sentimita 56 ni pikseli 560, na hakuna tena kukisia. Ya kuchapisha, bila shaka, ilibaki faili ya mistari. Picha hii ni ya kuonyesha na kupimia tu.

Kabla ya kuweka nembo yoyote niliifunika modeli kwa vibati vya mraba vyeusi na vyeupe, vya sentimita 5 kila kimoja. Penye uso uliopinda upande mmoja tu, kama karatasi iliyozungushwa kwenye chupa, vibati vilibaki mraba. Penye uso uliopinda pande mbili kwa pamoja, kama ngozi ya mpira, vilivimba au vikalala upande, na hakuna namna ya kutandua inayoweza kuliondoa hilo kabisa. Juu ya tao la gurudumu la nyuma na kwenye kona ya paa vilikuwa vimekwenda kombo waziwazi. Mahali kama hapo ndipo pia stika halisi hukataa kulala bila kupashwa joto na kuvutwa, na ikivutwa huvuta na herufi zake.

Vibati hivyo ndivyo vilivyonichorea ramani ya maeneo. Nilipaka kijani mahali ambapo nembo na maandishi yanaweza kukaa, njano mahali panapofaa rangi tupu au michirizi isiyo na herufi, na nyekundu mahali pasipoguswa. Pembe ya nyuma ikawa njano. Mfereji uliokandamizwa kwenye bati chini ya tumbo la gari nao ukawa njano, na ninadhani unastahili maelezo. Ulikuwa na kina cha sentimita 2, na kila mteremko wake ulichukua sentimita 3 kwenye mchoro bapa, ilhali juu ya bati ni sentimita 3.6. Kwa miteremko miwili stika inadai sentimita 1.2 zaidi. Anayebandika akiivuta ili ifike chini ya mfereji, baada ya muda stika hutaka kurudi ilipotoka, ikanyanyuka na kuacha uwazi wenye hewa. Rangi tupu inaweza kukatwa hapo na kuunganishwa bila mtu kutambua, lakini herufi haiwezi.

Mlango wa kuvuta ulinisumbua zaidi ya nilivyotarajia. Pendekezo la kwanza la mteja lilikuwa jina la biashara lianzie mlangoni na kumalizikia kwenye bati la nyuma yake. Niliufungua mlango kwenye modeli, ukarudi nyuma na kulifunika bati hilo, na jina likabaki nusu ya kwanza iliyokaa juu ya nusu ya pili. Gari la vifurushi husimama mlango ukiwa wazi wakati ule hasa ambapo watu wako karibu nalo. Tulikubaliana kwamba hakuna neno litakalovuka uwazi wa mlango: jina likakaa lote mlangoni, na nembo ikakaa yote kwenye bati la nyuma, juu ya reli. Mlango ukifunguliwa nembo hufichika nzima, na jina husomeka nzima.

Kati ya ukingo wa mlango na mwanzo wa mzunguko wa nyuma kulikuwa na sentimita 66. Niliacha 5 kila upande, nikabakiwa na nembo ya 56. Mteja hakufurahi kusikia kwamba inapungua kutoka 70, na mimi sikubishana naye kwa maneno. Nilimtolea picha mbili za modeli ileile, kamera ikiwa umbali wa mita 8 na kimo cha mita 1.6, kama macho ya mtu aliyesimama kando ya barabara. Nilitumia lenzi ya milimita 50, kwa kuwa lenzi pana huvimbisha kilicho karibu na kuficha makosa ya kilicho mbali. Nilihakikisha pia kwamba bati linaakisi anga na ardhi, maana bila mng'ao huo mikunjo haionekani na gari hurudi kuwa bapa. Aliitazama ya 70 kwa muda, akasema, "Hii ndiyo ile iliyolala," akachagua ya 56.

Kabla ya kuchapisha stika nilichapisha nembo kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake kamili, nikaibandika garini kwa selotepu, nikapiga picha nikiwa mahali na kimo kilekile cha kamera ya modeli. Nilipozilaza picha mbili moja juu ya nyingine, ukingo wa nembo ulitofautiana kwa milimita 4 upande wa juu, na chanzo chake kilikuwa kituo kimoja cha timazi nilichokuwa nimekiandika vibaya.

Upande wa pili wa gari nilitaka kuumaliza upesi kwa kuigeuza modeli kama kwenye kioo. Bahati nzuri nililizunguka gari kwanza. Upande huo haukuwa na mlango wa kuvuta wala reli, jambo lililoniongezea eneo la kijani, lakini kifuniko cha tangi la mafuta kilikuwa katikati ya mahali nilipokuwa nimekwisha kuiweka nembo. Niliisogeza mbele sentimita 40 na kukipaka kifuniko rangi nyekundu kwenye ramani.