Nilivyotunga swali moja la gari kuchemsha mpaka likakaa sawa

Nafundisha ufundi wa magari chuoni, mwaka wa pili, na kila muhula lazima nitunge maswali ya nadharia ya mifumo ya injini na kutafuta ubovu. Zamani nilikua natunga kama nilivyotungiwa mimi, "taja sababu tano zinazofanya injini ichemshe", mwanafunzi anaandika maji kupungua, themostati kuganda, wota pampu mbovu, feni haifanyi kazi, rejeta imeziba, anakula maksi zake tano. Halafu kesho yake yuleyule yupo gereji, gari imekuja inachemsha, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuchomoa themostati na kuitupa. Yani ile orodha anayo kichwani lakini haimwambii aanzie wapi, na hapo ndo nikaona shida iko kwenye swali langu.

Nikaanza upya na swali la feni ya umeme. Toleo la kwanza lilikua fupi tu: "Gari inachemsha ikiwa kwenye foleni lakini barabara kuu haichemshi. Taja ubovu na ueleze namna ya kuupima." Kwenye mwongozo wa kusahihisha nikaweka jibu moja, feni haizunguki. Niliona limekaa vizuri kwa sababu dalili inajieleza, gari ikikimbia upepo wenyewe unapita kwenye rejeta, ikisimama inategemea feni.

Kusahihisha ndo kukanifundisha. Mmoja aliandika mapezi ya rejeta yamejaa tope na wadudu, mwingine kasema maji yamepungua kidogo, mwingine kasema wota pampu imechoka ndo maana injini ikiwa sailensa maji hayatembei vizuri. Nikakaa nao kichwani usiku mzima, maana hakuna hata mmoja aliyeandika uongo, hizo zote zinaweza kuleta dalili ileile kwa kiasi fulani. Kuwanyima maksi ingekua dhuluma. Kosa ni kwamba mimi nilikua na gari moja kichwani lakini kwenye karatasi sikuiweka.

Kwa hiyo toleo la pili nikayafunga yale majibu mengine ndani ya swali lenyewe: maji yamejaa, hakuna panapovuja, rejeta ni safi ndani na nje, mkanda ni mzima na umekaza, na injini ikiwa ya moto feni haizunguki kabisa. Sasa mwanafunzi habuni tena sehemu gani, anatakiwa afikirie ndani ya saketi ya feni, ambako ndo kuna kazi.

Hapo tena nikaingia kwenye shimo jingine ambalo nadhani walimu wengi linawakuta. Mwongozo wangu ulisema "chomoa plagi ya swichi ya joto, unganisha waya zake mbili, feni ikizunguka swichi ni mbovu." Kijana mmoja ambaye jumamosi anashinda gereji akaandika "chomoa plagi ya swichi, iache hivyohivyo, feni itazunguka yenyewe." Nikamkata. Akaja kwa heshima kabisa, "Mwalimu, kwenye Korola za zamani ndivyo zilivyo." Nikaenda naye mpaka kwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990 iliyopo karakana, ufunguo tukaugeuza mpaka taa za dashibodi zikawaka, injini baridi, tukachomoa plagi, feni ikaanza kuzunguka palepale. Ni kweli, kwenye gari nyingi za Toyota za kipindi kile swichi inafunga saketi injini ikiwa baridi na kuiachia ikipata moto, na rilei nayo imepangwa kinyume kuendana nayo, wakati gari nyingine swichi inafunga ikipata moto, hapo ndo unaunganisha waya. Nikamrudishia maksi zake na swali nikaliandika tena kwa kutaja aina ya swichi.

Toleo ninalotumia mpaka leo ni hili:

Corolla ya petroli, feni ya umeme. Barabara kuu mshale wa temperecha unakaa katikati, kwenye foleni unapanda mpaka karibu na nyekundu. Maji yamejaa, hakuna panapovuja, rejeta safi, mkanda mzima. Eisii imezimwa. Injini ikiwa ya moto feni haizunguki. Swichi ya joto inafunga saketi ikiwa baridi, inaiachia ikiwa ya moto.
(a) Kwa nini haichemshi barabara kuu? (maksi 1)
(b) Ufunguo umewashwa, fundi kachomoa plagi ya swichi, feni bado imesimama. Hii inamwambia nini? (maksi 2)
(c) Atatofautishaje mota mbovu na umeme kutofika kwenye mota? (maksi 3)

Majibu nimeyaandika kwa utaratibu wa maksi moja sentensi moja. (a) Upepo wa mwendo unapooza rejeta bila feni. (b) Swichi peke yake siyo chanzo. Ubovu upo kwenye fyuzi, rilei, waya au mota. (c) Chomoa soketi ya mota na uipe volti 12 moja kwa moja toka kwenye betri kwa waya wenye fyuzi; ikizunguka mota ni nzima, rudi kwenye fyuzi, rilei na waya; isipozunguka mota ni mbovu.

Kipengele (b) ndo nakipenda kuliko vyote maana kinamfichua anayekisia. Wengi wanaandika "swichi ni nzima", na hiyo siwapi maksi, kwa sababu kile kipimo hakijathibitisha kwamba swichi ni nzima, inaweza kuwa mbovu na fyuzi nayo imekatika. Kimethibitisha tu kwamba ukibadilisha swichi peke yake feni haitazunguka. Asiyelielewa hilo ndo fundi anayemnunulisha mteja swichi mpya halafu gari inarudi kesho yake.

Kwenye (c) kuna waliojibu kwa taa ya testa, wanaichomeka kwenye soketi ya mota, ikiwaka wanasema umeme unafika kwa hiyo mota ni mbovu. Nawapa maksi zote, ni kipimo halali. Ila pembeni ya mwongozo nimeandika ili mwalimu mwingine akisahihisha ajue, taa inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo rilei yenye kontakti zilizoungua inaweza kuiwasha taa vizuri tu na ikashindwa kusukuma feni. Anayelitaja hilo mwenyewe kwenye jibu namuandikia vizuri sana kwa kalamu nyekundu, japo maksi za ziada sina.

Siku hizi kabla swali halijaingia kwenye mtihani nalitega kwanza kwenye gari. Hili nililitega kwa kuchomoa fyuzi ya feni, nikampa mwalimu mwenzangu karatasi na testa bila kumwambia kitu. Alifika kwenye fyuzi kwa kufuata maelezo ya swali tu, ila akaniuliza mbona hujaandika kwamba mikono ikae mbali na feni, maana kwenye gari hizi ukichomoa plagi ya swichi inaweza kuzunguka ghafla hata injini imezimwa. Nimeiongeza kama kipengele (d), maksi 1.