Nilivyoandika upya mwongozo wa zamu kwenye pampu yetu ya maji

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji, nilikuta karatasi ya mwongozo imebandikwa ukutani kwenye nyumba ya pampu. Ilisema: "Dawa iwekwe kabla vali haijafunguliwa. Maji yapimwe. Matokeo yaandikwe daftarini."

Sarufi haikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba kila zamu ina watu wawili, mwendesha pampu na msimamizi wa tangi, na karatasi haikusema nani afanye nini. Maji yakitoka bila klorini, kila mmoja alikuwa anaamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye ameweka dawa. Hakuna aliyedanganya. Kauli ya kutendwa inamruhusu mtenda asitajwe, na kwenye maelekezo mtenda ni yule yule anayesoma.

Nikaanza kugeuza sentensi moja moja, na hapo ndipo niliona faida ambayo sikuitegemea. "Maji yapimwe" inapita bila swali. Ukitaka kuandika "Pima maji", papo hapo unaulizwa: nipime wapi, baada ya muda gani, nikipata ngapi nifanye nini? Ilibidi niketi na fundi wetu tujibu yote hayo. Karatasi mpya ikawa hivi:

"Msimamizi wa tangi: Weka dawa wakati tangi linajaa. Likijaa, subiri nusu saa, kisha pima klorini kwenye koki ya tangi. Kipimo kikiwa chini ya 0.5, mwambie mwendesha pampu asifungue. Andika kipimo na jina lako.

Mwendesha pampu: Usifungue vali mpaka umekiona kipimo daftarini."

Kijana wa pampu aliisoma akaniambia, "Mama, sasa najua pangu ni wapi."

Ripoti ni habari nyingine. Wapo wanaoshauri kauli ya kutendwa ifutwe kila mahali, nami siafiki, kwa sababu msomaji wa ripoti mara nyingi anafuatilia kitu, hamfuatilii mtu. Nikiandika "Pampu ilifungwa 2016, ikafanyiwa matengenezo makubwa, na sasa inahitaji kubadilishwa mota," macho yanabaki kwenye pampu mwanzo hadi mwisho. Nikianza kutaja kila aliyeifunga na kila aliyeitengeneza, pampu yenyewe inapotea. Vivyo hivyo "Koki mbili ziliibwa usiku". Aliyeiba hatumjui, na kuandika "mtu asiyejulikana aliiba koki mbili" hakuongezi kitu. Na mlinzi akiumwa na nyuki, ameumwa na nyuki. Nani ataanza sentensi na nyuki wakati anayehitaji matibabu ni mlinzi?

Ninapokuwa mkali ni kwenye kuchagua kati ya kutendwa na kutendeka. Daftari la zamu liliwahi kuandikwa "Bomba la bondeni limekatwa", na kabla ya jioni watu walikuwa wameshaanza kumtazama vibaya mwenye shamba la jirani. Fundi alipofukua alikuta kiungo kimeachia kwa presha. Bomba lilikuwa limekatika, wala hakuna aliyelikata. Tofauti ni silabi chache tu, lakini "limekatwa" ni tuhuma: inasema kuna mkono wa mtu. Siku hizi nawaomba walinzi waandike kwanza walichokiona, kwamba maji yanabubujika mahali fulani, na neno "limekatwa" lisubiri mpaka alama ya panga au msumeno ionekane.

Kuna na huyu "na" anayemtaja mtenda. "Mota ilipelekwa mjini na fundi": fundi ndiye aliyeipeleka, au alikwenda pamoja nayo na mtu mwingine akabeba dhamana? Mahesabu ya nauli yalitusumbua kwa sentensi ya aina hiyo. "Fundi aliipeleka mota mjini" inamaliza ubishi.

Mahali pa mwisho nilipobadilisha ni kwenye maombi kwa ofisi ya wilaya. Barua za zamani zilijaa "imebainika kwamba" na "inashauriwa bomba libadilishwe". Nani amebaini? Nani abadilishe, na kwa fedha za nani? Afisa anaweza kuisoma barua hiyo, akakubaliana nayo kabisa, na asione kwamba inamtaka yeye afanye kitu. Barua yetu ya karibuni iliandika: "Kamati imekagua bomba la bondeni na kukuta viungo vitatu vinavuja. Tunaiomba ofisi itupatie mabomba na fundi wa kuyaunga. Wanakijiji watachimba na kufukia mtaro." Orodha ya vipimo vya mabomba tuliiacha bila kumtaja mtenda, "yanahitajika" na "yatafungwa", kwa kuwa hapo anayesoma ni mtunza stoo, na anachokitafuta ni mabomba.