Korongo Lililokuwa Likipanda Mtaani Kwetu

Mvua za El Nino zilipoanza kuipiga Dar es Salaam mwishoni mwa 1997, nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na nyumbani kwetu kulikuwa Kimara, upande unaoteremkia bondeni. Uchochoro wetu ulikuwa na fahari moja tu, nayo ni zege. Wazee wa mtaa walichangishana wakamwaga zege la unene wa shibiri kutoka juu barabarani, likapita mbele ya geti la mama mwenye genge, likashuka na mteremko ili magari yaache kuzama mchangani. Hela zilipokata, zege nalo likakatikia hapo hapo. Kutoka pale hadi bondeni ulibaki mchanga mwekundu mtupu.

Mvua kubwa ya kwanza ilituonyesha kazi ya mpaka ule. Maji yalikuja mbio juu ya zege bila kulidhuru, yakafika mwisho, yakadondoka kwenye mchanga. Kilichokuwa kidaraja cha kuruka kwa mguu mmoja kikawa shimo la magotini, na mvua zilipozidi kuja, likawa la kifuani. Sisi vijana tulilifurahia. Dar haina maporomoko ya maji, nasi tukajiona tumepata ya kwetu, yenye povu na kelele zake.

Halafu usiku mmoja kikasikika kishindo. Asubuhi tukakuta kipande cha zege kikubwa kama kitanda cha sita kwa sita kimelala shimoni, na ukingo umesogea juu kuelekea kwenye geti la mama mwenye genge. Hapo furaha ikaisha. Mjumbe akapita nyumba kwa nyumba kuita watu.

Mpango wa kikao ulikuwa viroba. Tujaze mchanga, tuvipange juu ya zege karibu na ukingo, maji yapunguze nguvu kabla ya kudondoka. Tulikuwa tumeshaanza kuvifunga midomo alipofika mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu, mstaafu aliyefundisha jiografia miaka mingi mikoani. Tulimwamkia, akaitikia "marahaba wanangu" bila kututazama, akashuka shimoni na mwavuli wake. Akausogeza mchanga kidogo kwa kiatu, akauchomeka mwavuli chini ya zege. Ukaingia wote. Kilichobaki nje kilikuwa kile kishikio kilichopinda.

"Mjumbe," akasema, "hivyo viroba mnaviweka juu ya hewa."

Kimya kidogo. Mjumbe akauliza kwa heshima, "Sasa Mwalimu, si maji yanatoka juu?"

"Yanatoka juu, ila yanakula chini. Maporomoko huliwa miguuni. Kichwa huanguka baadaye, kwa sababu hakina pa kusimama."

Alasiri ile mvua ilipumzika, tukakaa barazani kwake, watu wazima kwenye viti na sisi sakafuni. Akachukua penseli na karatasi ya mtihani iliyotumika upande mmoja, akachora Naiagara, mpakani mwa Marekani na Kanada. Sikumbuki darasa lolote nililolisikiliza kama lile.

Mto ule, alisema, hutoka Ziwa Erie kwenda Ziwa Ontario, na njiani hupita juu ya matabaka ya miamba yaliyolala karibu sawasawa. La juu ni dolomaiti, jamii ya mawe ya chokaa, gumu, unene wake zaidi ya meta 20. Hilo ndilo zege letu. Chini yake kuna mwamba uliotokana na tope la zamani, wenye tabaka nyembamba nyembamba zinazobanduka kwa urahisi. Huo ndio mchanga wetu, tofauti ni kwamba wenyewe huchukua miaka kufanya kile ambacho mchanga wa Kimara hufanya kwa usiku mmoja. Maji yakianguka huchimba kidimbwi kirefu mguuni pa ukuta. Mawe yaliyomo humo huzungushwa na kusaga pande zote. Lakini Mwalimu alisisitiza jambo moja ambalo michoro ya vitabuni huliruka: si lazima maji yenyewe yaupige ule mwamba laini. Manyunyu na ukungu vinatosha. Mwamba unalowa, unakauka, wakati wa baridi yao maji yaliyomo nyufani yanaganda na kutanuka, basi unabanduka kidogo kidogo mpaka dolomaiti inabaki imening'inia juu ya pango.

"Na dolomaiti inakatika wapi?" akauliza baba yangu.

"Palipo na ufa. Mwamba mgumu una nyufa za kusimama wima, hata kama huzioni. Pango likishaufikia ufa ulio nyuma, kipande chote kinashuka. Ndiyo maana ukuta hubaki umesimama wima kila mara badala ya kuwa mteremko."

Akarudi kwenye zege letu. Mafundi walilimwaga kwa vipande, wakaacha mistari kati ya kimoja na kingine, na kile kilichoanguka kilikatika kwenye mstari, kimenyooka kama kilichokatwa kwa msumeno. Tulikuwa tumekiona wote, ila hakuna aliyejiuliza.

Sehemu iliyonikaa zaidi ni hesabu. Kila kipande kikianguka, maporomoko yanarudi nyuma, kuelekea mto unakotoka, na yakirudi yanaacha nyuma yake mfereji wenye kuta mbili ndefu. Korongo si kitu kingine, ni njia ambayo maporomoko yamepita. Naiagara yalianzia kwenye ukingo wa nyanda za juu, karibu na miji ya Lewiston na Queenston, barafu kubwa ilipoyeyuka miaka kama 12,000 iliyopita. Leo yako kilometa 11 kutoka pale, kuelekea mto unakotoka. Akanipa penseli nigawanye. Meta 11,000 kwa miaka 12,000 ni karibu sentimeta 92 kwa mwaka.

Kabla sijafurahi akaniambia nisiiamini sana namba hiyo. Wastani huficha mambo. Kuna vipindi virefu ambapo maji ya maziwa ya juu yalikuwa na njia nyingine ya kutokea, mto ukabaki mdogo, na maporomoko yakasogea taratibu mno. Ukilitembelea korongo lile utajua: palipokuwa na maji mengi ni pana, palipokuwa na maji machache ni jembamba. Na siku hizi sehemu kubwa ya maji huchepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, kwa mkataba wa 1950 kati ya nchi hizo mbili, hivyo mwendo umeshuka hadi kama sentimeta 30 kwa mwaka au pungufu.

Mama mwenye genge, ambaye Naiagara ilimhusu kidogo sana, alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe. "Mwalimu, hili la kwetu likienda kitanda kimoja kwa wiki, kwangu linafika lini?"

"Mwezi ujao, mvua zikikaza."

Swali langu lilikuwa la kitoto kidogo: je, mwamba mgumu ukiwa umesimama wima kama ukuta kukatisha mto, badala ya kulala? Alilipenda. Akasema hapo maporomoko hayasafiri. Hakuna laini chini yake la kuliwa, kwa hiyo mto hulipangua jiwe palepale, ukilishusha polepole hadi yanabaki maji ya kasi yanayoruka juu ya mawe. Akaongeza kwamba si kila maporomoko yana hadithi hii ya gumu juu na laini chini. Ya Kalambo, kule Rukwa mpakani na Zambia, ambayo aliwahi kuyaona, yanashuka zaidi ya meta 200, na kimo hicho ni cha Bonde la Ufa: ardhi ilididimia, mto ukajikuta umesimama ukingoni.

Giza lilikuwa linaingia alipofika kwenye tiba. Pale Naiagara pana maporomoko zaidi ya moja, na yale ya upande wa Marekani hupata sehemu ndogo tu ya maji ya mto. Kuta zake ziliporomoka vibaya 1931 na 1954, na mawe yakalundikana mguuni kwa sababu maji hayana nguvu ya kuyaondoa. Watu walilalamika kwamba lundo lile linaharibu mandhari. Mwaka 1969 wahandisi wa jeshi la Marekani waliziba mkondo ule, maporomoko yakakauka kwa miezi kadhaa, wakapanda juu ya mawe kuyakagua. Mwishowe waliliacha lundo lilipo. Ilionekana huenda ndilo linaloshikilia ukuta.

"Basi na sisi," akasema Mwalimu, "tuweke lundo letu."

Viroba vikafunguliwa. Kile kipande cha zege kilichoanguka, ambacho vijana tulitaka kukivunja na kukitoa, alikataa kisiguswe. Michango ikaombwa upya, kwa manung'uniko ya kutosha, likaja lori la mawe kutoka Kunduchi. Alisimama pale na mwavuli akichagua: lolote ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba begani alilipeleka pembeni la kujazia mapengo, na yale ya kuviringishwa na watu wawili ndiyo yaliyotangulia shimoni. Mawe madogo, alisema, mto huyageuza kuwa zana zake. Chini kabisa tulitandaza magunia ili mchanga usinyonywe kupitia katikati ya mawe, na tundu la chini ya zege tulilishindilia kwa mawe madogo na udongo hadi mwavuli haukuingia tena.

Mvua iliyofuata ilikuwa nzito. Ukingo wa zege haukusogea hata kidogo. Lakini maji, yakikuta katikati kumejaa mawe, yalihama pembeni, yakaanza kuchimba ukingo wa mchanga kandokando ya ukuta wa jirani wa kulia, ambaye ndiye aliyechangia kidogo kuliko wote na sasa ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mwalimu alikuja akatazama, akaguna. Lundo letu tulilipanga likavimba katikati, akasema, wakati lilitakiwa libonyee. Tukashuka tena, tukayatoa mawe ya katikati na kuyapandisha pande zote mbili hadi lundo likawa na bonde katikati, na maji yakarudi kwenye njia yake. Jirani wa kulia aliongeza mchango siku hiyo hiyo, na bado alikuwa akidai risiti Pasaka ilipofika.