Rangi ya Chungwa na Fomu ya Tathmini

Jana jioni, kabla ya kutoka ofisini Upper Hill, niliifuta alama niliyokuwa nimempa mbunifu wetu wa michoro katika tathmini ya nusu mwaka. Katika mstari ulioandikwa "ubora wa ubunifu" nilikuwa nimeweka 2 kati ya 5, na nilipojilazimisha kuandika sababu katika nafasi iliyo pembeni, kalamu ilikwama. Sababu niliyokuwa nayo ni moja tu: bango la mkutano mkuu wa wanachama lilikuwa na rangi ya chungwa iliyonikera.

Mwenzangu wa idara ya wafanyakazi alinipa njia ya mkato. Bango hilo lilifika toleo la 7 kabla ya kukubaliwa, akasema, na kazi inayorudishwa mara 6 inajieleza yenyewe. Nilikaribia kukubali, kwa kuwa hesabu hupendeza mtu anayeogopa kuonekana mwonevu. Hata hivyo niliyafungua matoleo yote 7, nikaandika mbele ya kila marekebisho ni nani aliyeyasababisha. La kwanza lilikuwa kosa lake, kwani jina la ukumbi lilikosewa herufi. La pili, mwenyekiti alitaka picha yake iongezwe ukubwa. La tatu, sisi wenyewe tulihamisha mkutano. La nne, mfadhili alichelewa kuleta nembo yake. La tano lilikuwa langu, nikiomba chungwa lipunguzwe ukali, ombi nililoliondoa siku iliyofuata. La sita lilikuwa kosa lake tena: faili ya kuchapishwa haikuwa na ukingo wa ziada.

Makosa yake, basi, ni mawili kati ya sita. Niliendelea na kazi nyingine 8 za kipindi hicho kwa utaratibu huo huo, na sehemu kubwa ya marekebisho ilitoka kwetu, hasa maandishi yaliyobadilishwa baada ya mchoro kukamilika. Lakini zoezi hilo halikumsafisha kabisa, kwa sababu lile kosa la ukingo lilijirudia katika kazi 4. Picha inayofika mwisho wa karatasi hupaswa kupita mstari wa kukatia kwa milimita 3 hivi kila upande, maana karatasi huweza kusogea kidogo chini ya kisu, na pasipo ziada hiyo hubaki mstari mweupe pembeni. Kila mara mchapaji wa River Road ndiye aliyetupigia simu. Hilo si suala la ladha, na mimi sikuwa nimeliandika popote katika fomu.

Ilibaki rangi. Nilichukua bango hilo, nikamwonyesha kila mmoja wa watu 8 waliokuwa wakingoja lifti kwa sekunde 5 hivi, kisha nikamwuliza linahusu nini na ni lini. Wote walijua ni mkutano. Wawili tu ndio waliotaja tarehe. Tarehe hiyo iliandikwa kwa herufi nyeupe juu ya chungwa. Nikaiingiza rangi yenyewe, #F57C00, pamoja na nyeupe katika kikokotoo cha utofautishaji, nikapata takriban 2.7 kwa 1, ilhali mwongozo wa WCAG wa maandishi ya kwenye skrini hudai angalau 3 kwa 1 hata kwa herufi kubwa, na 4.5 kwa 1 kwa herufi za kawaida. Bango hilo tulilisambaza zaidi kwa simu kuliko kwa karatasi, kwa hiyo kipimo kinafaa. Sehemu ya chuki yangu, kumbe, ilikuwa na msingi ambao sikuujua. Sehemu iliyosalia, kwamba chungwa hunikumbusha mabango ya kampeni, ni yangu mwenyewe na haistahili kumpunguzia mtu alama.

Leo asubuhi nilimwita, nikamwekea orodha ya marekebisho mezani. La ukingo alilikubali bila kubisha. Kiolezo anachotumia, alisema, alikirithi kwa aliyemtangulia na hakuwahi kukikagua. Nilipofika kwenye herufi nyeupe alinyamaza kidogo, kisha akafungua kompyuta yake.

"Madamu, samahani, hii imo katika mwongozo wetu wa rangi, ukurasa wa nne. Maandishi juu ya chungwa yawe meupe."

Nikausoma ukurasa huo, kisha nikashuka hadi chini palipo na sahihi ya aliyeuidhinisha. Ni yangu.

Katika fomu nimeandika 4 kwa ubunifu na 2 kwa utayarishaji wa faili, na nimempa hadi mwisho wa mwezi kurekebisha kiolezo. Ukurasa wa nne nimebaki nao mimi. Nyeusi juu ya chungwa lile lile inatoa 7.8 kwa 1, ingawa machoni pangu bado haipendezi.