Nilivyotoka alama 9 hadi 18 baada ya kujifunza kusoma swali

Nikiwa darasa la sita katika shule moja ya msingi wilayani Muheza, Ijumaa ilikuwa siku ya jaribio la Hisabati. Maswali 20, kipindi kimoja cha dakika 40. Karatasi zilizochapwa tulizionea kwenye mitihani ya muhula tu. Jaribio la wiki mwalimu aliliandika ubaoni kwa chaki, nasi tukajibu kwenye daftari. Mimi nilijulikana kwa jambo moja: kukusanya daftari kabla ya wenzangu wote. Sifa hiyo niliipenda sana, na sikuiona kuwa na uhusiano wowote na alama zangu, ambazo wiki hii zilikuwa 9, wiki ijayo 10, inayofuata 8.

Kilichoniumiza ni kwamba hesabu zenyewe nilikuwa nazijua. Mama alikuwa anauza machungwa stendi, na mteja akitaka 35 kwa shilingi 50 moja, mimi ndiye niliyeulizwa jumla, na sikukosea. Sasa iweje darasani nianguke kwa hesabu nyepesi kuliko zile?

Ijumaa moja, nikiwa nimepata 9 kwa mara nyingine, mwalimu wetu alinibakiza wakati wa mapumziko. Nilidhani nimeitiwa fimbo. Badala yake alivuta kiti, akaweka daftari langu mbele yetu, akayafunika majibu yangu kwa kipande cha kadibodi. Maswali yalikuwa bado ubaoni. Akanyoosha kidole kwenye swali la 6.

"Lisome kwa sauti, mwanangu. Polepole."

Nikasoma: "Mkulima alichuma machungwa 120. Akauza theluthi mbili ya machungwa hayo. Je, alibakiwa na machungwa mangapi?"

Nilipofika kwenye "alibakiwa" nikanyamaza. Nilijibu palepale kwamba ni 40. Mwalimu akaiondoa kadibodi. Kwenye daftari nilikuwa nimechagua A, yaani 80. Juu ya jibu hilo nilikuwa nimenakili kutoka ubaoni "120" na "2/3", basi. Neno lenyewe la swali sikulinakili kabisa, kwa hiyo nilipoanza kukokotoa halikuwapo mbele ya macho yangu. Theluthi mbili ya 120 ni 80, hesabu nilikuwa nimeifanya sawasawa, ila nilijibu machungwa yaliyouzwa.

Hapo mwalimu alinieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Machaguo ya jaribio hayaandikwi kwa kubahatisha. Anayetunga swali hujiuliza mwanafunzi mwenye haraka ataishia wapi, kisha jibu hilo analiweka miongoni mwa machaguo. Ndiyo maana 80 ilikuwepo. Mimi siku zote nilikuwa nikiona jibu langu liko kwenye A au B, roho inatulia, nasonga mbele. Kumbe kulikuta jibu lako kwenye machaguo si uthibitisho wa chochote.

Tukaendelea na mengine. "Basi liliondoka Tanga saa 2:15 usiku. Andika muda huo kwa mtindo wa saa 24." Nilikuwa nimeandika 08:15. Nilijua vizuri kwamba saa yetu ya Kiswahili inaongezewa saa sita, lakini nilijibu kana kwamba basi limeondoka asubuhi. Kwa usiku, saa 2:15 ni 20:15. Halafu lile la duara: "Tafuta eneo la duara lenye kipenyo cha sentimeta 14. Tumia pai = 22/7." Nilikuwa na 616. Kanuni ya eneo hutaka nusu kipenyo, yaani 7, na 22/7 mara 7 mara 7 ni 154. Mimi niliingiza 14 moja kwa moja kwa sababu ndiyo namba iliyokuwa imeandikwa.

Tuliyapitia makosa yote 11 kwa namna hiyohiyo: nasoma kwa sauti, nasema swali linataka nini, najibu upya. Saba niliyapata bila msaada wowote. Manne sikuyapata hata baada ya kuyasoma mara tatu, kwa sababu kugawanya sehemu kwa sehemu kulikuwa hakujaniingia kabisa. Mwalimu akachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja akaandika "sikusoma", wa pili "sijui", akajaza namba za maswali. Nilizikodolea macho zile saba. Tisa jumlisha saba ni 16. Alama zile zilikuwa zangu, na nilikuwa nazimwaga kila wiki.

Utaratibu alionipa ulikuwa mfupi. Kwanza, nisiyatazame machaguo hadi niwe na jibu langu. Niinue rula au kiganja mbele ya macho kuyaziba. Pili, nisome fumbo hadi alama ya kuuliza, halafu niirudie sentensi ya mwisho peke yake, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayobeba ombi. Tatu, kwa kuwa ubaoni huwezi kupiga mstari, ninakili kwenye daftari neno linalouliza kabla sijanakili namba: "alibakiwa", "mzingo", "kwa saa ngapi", "isipokuwa", pamoja na kipimo kinachotakiwa. Nne, nikishapata jibu, niliweke ndani ya sentensi ya swali niisikilize: "Mkulima alibakiwa na machungwa 40." Sentensi ikigoma, nirudi mwanzo.

Ijumaa iliyofuata nilipata 8.

Nililia, sitaficha. Nilikuwa nimesoma kila swali kwa utulivu kuliko siku zote, na kengele ilipogongwa nilikuwa swali la 13. Saba sikuyagusa. Swali la kwanza peke yake, hesabu tupu ya kujumlisha, nililisoma mara nne nikitafuta mtego ambao haukuwepo. Na pembeni ya kila jibu nilikuwa nimenakili karibu swali zima, kwa hiyo neno linalouliza likapotea tena, safari hii limezama kati ya wenzake.

Mwalimu alipoona daftari alicheka kwa upole, akaniambia kitu cha kubadilisha ni matumizi ya muda. Dakika 40 kwa maswali 20 ni dakika mbili kila moja, lakini hayalingani. Maswali ya namba tupu, kwa kawaida manane au tisa, hayahitaji hatua zote nne. Yatazame alama zake na mpangilio wake tu. Kwenye 8 + 4 × 3, MAGAZIJUTO inakuambia zidisha kwanza, jibu ni 20, na anayekwenda kichwakichwa anapata 36. Ukiyamaliza hayo ndani ya dakika kumi, unabaki na nusu saa kwa mafumbo, na hapo ndipo pa kusoma. Na kunakili kusizidi maneno mawili. Mawili tu, alisisitiza.

Nyumbani nilifanya mazoezi ambayo mwanzoni hayakuwa na hesabu ndani yake. Nilichukua daftari la zamani la binamu yangu aliyekuwa ameshamaliza shule, nikasoma maswali kumi kila jioni, na kwa kila moja nikaandika tu linataka nini, bila kulikokotoa. Yanapofanana ndipo nilipokaa zaidi. "Tafuta mzingo wa shamba lenye urefu wa meta 80 na upana wa meta 45" na "tafuta eneo" la shamba lilelile yanatofautiana neno moja, lakini la kwanza jibu lake ni meta 250 na la pili ni meta za mraba 3,600. Baada ya wiki mbili jicho langu likaanza kwenda lenyewe kwenye neno hilo.

Faida ilivuka hadi masomo mengine. Kwenye Sayansi liliulizwa hivi: "Wanyama wafuatao ni wa damu baridi isipokuwa..." na chaguo la kwanza lilikuwa chura. Zamani ningemchagua chura kwa furaha kwa kuwa nilijua ana damu baridi. Safari hii niliandika "isipokuwa" pembeni, nikateremka hadi kwa popo.

Alama zilipanda, ila si kwa mstari mnyoofu. Baada ya ile 8 nilipata 13, nikashuka 12, nikapata 15, kisha 16. Hapo nikakwama. Majuma matatu mfululizo, 16 au 15. Niliudhika, nikadhani nimeanza kusoma ovyo tena, hadi nilipochora tena ule mstari katikati ya ukurasa na kujaza makosa ya majuma hayo. Upande wa "sikusoma" ulikuwa mtupu. Yaliyobaki yote yalikuwa ya "sijui", na kusoma swali hata mara kumi hakumfundishi mtu kugawanya sehemu kwa sehemu. Ikabidi nikae na dada mmoja wa darasa la saba, jirani yetu, anifundishe kwa nini sehemu ya pili inageuzwa juu chini, hadi nikaelewa. Ijumaa ya pili baada ya hapo nikapata 18.

Mimi sasa ni mwalimu. Nikiwa chuoni nilikuta kwamba alichonifanyia mwalimu wangu kinafahamika: mtafiti wa Australia, Anne Newman, alikieleza mwaka 1977 kama mahojiano ya maswali matano. Lisome swali. Niambie linataka ufanye nini. Niambie utapataje jibu. Nionyeshe unavyofanya. Sasa andika jibu. Unasikiliza mtoto anakwama kwenye lipi, kwa kuwa makosa mengi ya mafumbo hutokea kabla mtoto hajaanza kukokotoa. Sijui kama mwalimu wangu aliwahi kulisikia jina hilo. Nadhani aliwajua tu watoto wake. Nami nawabakiza wangu wakati wa mapumziko, na kadibodi ninayo.

Ila jaribio ninalolikumbuka kuliko yote ni la mwisho wa muhula ule. Swali la 11 lilianza: "Mkulima alichuma machungwa 120. Akauza theluthi mbili ya machungwa hayo." Darasa zima lilinong'ona kwa furaha, maana swali hilo tulikuwa tumelisahihisha pamoja na kila mtu alikumbuka jibu ni 40. Mwenzangu wa dawati akaandika 40 bila kuinua macho tena. Mimi niliinua kiganja mbele ya macho nisiyaone machaguo, nikasoma hadi mwisho: "Je, aliuza machungwa mangapi?"

Nikanakili "aliuza" pembeni. Nikaandika 80. Siku hiyo nilikuwa mtu wa mwisho kukusanya daftari.