Nilikuwa kwenye dawa, na mwanangu aliendelea kunyonya

Mwanangu alikuwa na wiki 6 ziwa la kushoto lilipovimba, likawa jekundu na la moto, homa juu. Mama mkwe akasema nisimnyonyeshe mpaka dawa ziishe. Muuguzi akakataa: maziwa yakibaki ndani, jipu linaweza kutunga.

Nilipewa kloksasilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, miligramu 500 kila baada ya saa 6, siku 10. Dawa za jamii hiyo, hata amoksilini, hupita kwenye maziwa kidogo mno.

Siku ya 3 choo cha mtoto kikawa chepesi. Niliogopa jamani! Lakini alinyonya vizuri na kukojoa kama kawaida, na choo kikatengemaa chenyewe. Siku ya 7 nikaona weupe ndani ya mashavu. Nilipangusa kwa kitambaa safi, haukutoka. Mabaki ya maziwa yangetoka. Ni fangasi. Yeye akapewa matone ya nistatini, mimi krimu ya fangasi ya kupaka kwenye chuchu, tusiambukizane tena.

Niliambiwa nikiona damu kwenye choo, vipele mwilini au akikataa ziwa, nirudi siku hiyohiyo.